Mwanzi huanzia kuoza mguuni: hotuba kwa mafundi na wenye mabanda ya ufukweni, Mwanza

Mwenyekiti wa kikao, mafundi wenzangu, wakandarasi, na ninyi wenye migahawa na nyumba za wageni kuanzia Luchelele hadi Igombe, habari za asubuhi.

Mada niliyopewa ni mwanzi katika ujenzi. Ni pana mno kwa kikao kimoja, kwa hiyo nitachukua jengo moja tu na kulifuata kutoka kichakani hadi paani: banda la kulia chakula, wazi pande zote, urefu mita 6, upana mita 4, limekaa karibu na ziwa. Banda la namna hii kila mmoja wetu amewahi kuliona likiwa jipya na linang'aa, na wengi wetu tumeliona baada ya miaka mitatu limeinama upande mmoja.

Likiinama, watu husema mwanzi ni dhaifu. Nguvu ya mwanzi haina ugomvi. Kinachokosekana ni kinga ya asili. Miti kama mninga ina kiini chenye utomvu na sumu zinazofukuza wadudu na kuvu, mwanzi hauna kitu hicho hata kidogo. Usiotiwa dawa, ukichimbiwa ardhini, hukaa kati ya mwaka mmoja na mitatu. Ukiwa chini ya paa bila kugusa udongo, hukaa kati ya minne na saba. Zaidi ya hapo ni kazi ya fundi.

Maadui ni watatu, na kila mmoja ana mlango wake. Kuna mdudu mdogo mweusi anayetoboa mwanzi na kumwaga unga, huyu anafuata wanga. Kuna kuvu wa kuozesha, huyu anafuata maji. Na kuna mchwa, anayepanda kutoka udongoni. Makosa mengi hutokana na kufunga mlango mmoja na kudhani yote mitatu imefungwa. Mtu analoweka mianzi ziwani wiki sita, wanga unapungua, mdudu wa unga anakosa chakula, halafu nguzo inachimbiwa chini na mchwa anaimaliza. Mwingine anatia dawa nzuri kabisa, halafu nguzo inanyeshewa kila masika mpaka dawa yote inaoshwa. Kwa hiyo tutaenda mlango kwa mlango.

Tuanze na yule wa unga. Wakulima mliopo hapa mnamjua ndugu yake: dumuzi, yule wa kwenye mahindi makavu ambaye huku wengine humwita skania, aliyeingia nchini kupitia Tabora mwishoni mwa miaka ya 1970. Wa mwanzi ni wa ukoo huohuo. Jike hutafuta mahali ambapo nyama ya mwanzi iko wazi, yaani kwenye ncha iliyokatwa, kwenye kovu la tawi au kwenye ufa, kwa sababu ganda la nje ni gumu na lina nta. Huingia, hutaga, na vizazi vyake hula ndani. Dalili ni matundu ya milimita moja hadi mbili na unga laini wa rangi ya krimu uliojikusanya chini. Ukiuona unga huo ufagie, uweke karatasi, urudi kesho. Ukiukuta tena, wadudu wako kazini. Usipouona, matundu hayo huenda ni ya zamani.

Anachofuata ni wanga, na kiasi cha wanga hutegemea umri na msimu. Mwanzi tulio nao kwa wingi, ule wa kijani na dada yake wa njano wenye mistari, ni miongoni mwa mianzi yenye wanga mwingi, kwa hiyo kwetu uchaguzi wa mmea na wa wakati ni nusu ya kazi. Kata mwanzi wenye miaka mitatu hadi mitano. Wa mwaka wa kwanza bado una magamba kwenye vifundo na vumbi jeupe juu ya ganda. Uliokomaa ganda lake limefifia na limeota madoa ya kijivu kama yale yaliyo juu ya mawe ya Mwanza, na ukiugonga kwa mgongo wa panga unatoa mlio mkali badala ya mzito. Mwenye shamba makini hupaka alama ya rangi kwenye machipukizi ya kila mwaka, na hapo hakuna kubahatisha.

Msimu ni kiangazi, kati ya Juni na Agosti. Masika yamekwisha, machipukizi yamekwisha kutumia akiba ya wanga, na mwanzi una maji machache. Wapo wanaosubiri mwezi ufe ndipo wakate. Sitabishana nao, ila ipo njia ya kupima inayogharimu tone moja: nunua iodini ya duka la dawa, ile ya kupaka kidonda, dondosha juu ya ncha iliyokatwa sasa hivi. Ikigeuka buluu nyeusi, wanga ni mwingi. Ikibaki kahawia, umekata wakati mzuri. Na unapokata, kata juu kidogo ya kifundo cha kwanza au cha pili kutoka ardhini, ili kisiki kisibaki kama kikombe cha maji ya mvua kinachoozesha shina zima.

Kukata vizuri kunapunguza wanga, hakuumalizi. Dawa inabaki ya lazima, na kabla ya kueleza inayofaa niseme neno kuhusu isiyofaa. Oili chafu ya gari iliyochanganywa na dizeli hupakwa sana hapa mjini. Inapakwa juu ya ganda, na ganda halipitishi kitu. Mwanzi hauna ile mishipa ya kwenda kando ambayo mbao inayo. Mishipa yake yote inatoka mguuni kwenda kileleni. Dawa inaingia kwa njia tatu tu: kwenye ncha, kwenye ukuta wa ndani wa pingili, au kwenye tundu ulilotoboa. Oili iliyopakwa nje inafanya nguzo iwe nyeusi na inachafua nguo za wateja, basi.

Inayofaa ni mchanganyiko wa boraksi na asidi ya boriki. Kwa banda letu hesabu iko hivi. Tunahitaji takriban mianzi 40 yenye urefu unaotumika wa mita 6, kipenyo cha sentimita 8 hadi 10, na nyama isiyopungua sentimita moja. Tunaikata kwanza kwa vipimo vya kazi, kipande kirefu kisizidi mita 4.2. Birika linachimbwa au linajengwa kwa tofali, urefu mita 4.5, upana sentimita 60, kina sentimita 60, na linatandikwa nailoni nzito isiyo na tundu. Ndani yake tunatia lita 1,000 za maji, kilo 30 za boraksi na kilo 20 za asidi ya boriki. Hiyo ni karibu asilimia tano. Ukitia vipande 25 vya mwanzi, maji yanapanda hadi karibu sentimita 47, kwa hiyo hayamwagiki. Vipande vyote vya banda vinapita kwa awamu mbili au tatu.

Usimwage asidi ya boriki peke yake kwenye maji baridi, kwa sababu huyeyuka polepole na nyingine inalala chini kama mchanga. Chemsha sufuria kubwa ya maji, yeyusha unga wote wa aina mbili kwa pamoja humo, kisha mimina birikani. Sufuria hiyo isirudi jikoni tena. Vaa glovu, na dawa isikae karibu na unga wa chakula, maana kwa macho huwezi kuitofautisha.

Kabla ya kuzamisha, fungua njia ndani. Kila kifundo kina kiwambo kinachoziba pingili moja na nyingine. Chukua nondo ya milimita 16 yenye urefu wa mita 2.5, chonga ncha yake, ingiza kutoka ncha moja kisha ya pili mpaka viwambo vyote vitoboke. Wengine hutoboa matundu ya pembeni kwenye kila pingili kwa keekee. Ni haraka zaidi, ila kila tundu la pembeni baadaye ni mlango wa maji na wa nyigu, kwa hiyo kwenye nguzo na boriti napendelea nondo.

Zamisha mwanzi ukiwa mbichi, ndani ya siku chache tangu kukatwa, kwa sababu dawa husafiri ndani ya maji yaliyomo kwenye nyama. Teremsha ncha moja kwanza, subiri mapovu yaishe, ndipo ulaze ncha ya pili. Ukiulaza wote kwa mara moja hewa inabaki ndani, na sehemu ya juu ya kila pingili haiguswi na dawa. Kisha lundika mawe juu, mawe hayajawahi kutupungukia hapa, mianzi isielee. Siku saba zinatosha kwa nyama ya sentimita moja. Nene zaidi, nenda hadi siku kumi au kumi na nne.

Ukiitoa usiianike. Hapa ndipo wengi hukosea. Iache ichuruzike juu ya birika, kisha ilundike pamoja na uifunike kwa nailoni siku saba nyingine, ili dawa iliyoingia iendelee kusambaa ndani kabla maji hayajakauka. Baada ya hapo isimamishe wima kivulini, penye upepo, wiki sita hadi nane. Jua la moja kwa moja hupasua. Utajua umekauka kwa kuupima: chagua vipande vitatu, vipime uzito kila wiki, na vikiacha kupungua kazi imekwisha. Mwanzi ukifungwa bolti ukiwa mbichi utasinyaa baadaye, na kila kiungo kitalegea chenyewe.

Jinsi ya kujua kama dawa imefika ndani? Kata kipande cha ziada katikati ya pingili, mbali na ncha. Loweka unga wa manjano ya jikoni kwenye spiriti usiku kucha, chuja, paka rangi hiyo kwenye uso uliokatwa, ikauke. Kisha dondosha asidi ya hidrokloriki iliyozimuliwa, ile iliyomo katika baadhi ya dawa za kusafishia vigae. Penye dawa panageuka pekundu, pasipo na dawa panabaki njano. Asidi ni ya lazima katika kipimo hiki: manjano hugeuka wekundu hata kwa magadi, na boraksi ina tabia hiyohiyo ya magadi, kwa hiyo bila asidi utadanganywa. Ukiona mstari wa njano katikati ya nyama, rudisha mzigo birikani.

Maji ya birika yanatumika tena kwa awamu inayofuata, lakini kila awamu ya mwanzi mbichi inayazimua na kuyajaza sukari. Yakianza kunuka na kutoa povu, yameisha kazi. Yasimwagwe ziwani wala karibu na bustani. Boroni kwa kiasi kikubwa huua mazao, na ziwa hili tunalinywa.

Sasa jambo ambalo muuza dawa hatawaambia. Dawa hii inayeyuka katika maji, ndiyo maana inaingia, na kwa sababu hiyohiyo inatoka. Mwanzi unaonyeshewa mara kwa mara unaipoteza. Hakuna rangi ya juu itakayoizuia kwa miaka. Kinachoizuia ni umbo la jengo, na hapo tunaingia kwenye mlango wa pili, maji.

Chukueni karatasi mchore pamoja nami. Juu ya nguzo, pale boriti inapokaa, ni mita 2.7 kutoka ardhini. Paa lina mteremko wa digrii 20, yaani linashuka sentimita 36 kwa kila mita. Upenu wa kawaida hapa mjini ni nusu mita, wakarimu huweka mita moja. Tuseme mita moja. Ukingo wa bati utakuwa mita 2.34 kutoka ardhini. Mvua ya dhoruba ya ziwani haishuki wima. Tuikadirie kwa digrii 45. Kutoka ukingo wa bati, tone linalokwenda kwa mshazari huo linaikuta nguzo kwenye kimo cha mita 1.34. Kila kilicho chini ya hapo kinalowa. Nguzo imelowa nusu nzima, na fundi anadhani ameiwekea paa.

Ongeza upenu uwe mita moja na nusu upande unaopigwa. Ukingo unashuka hadi mita 2.15, mtu mrefu bado anapita, na mvua sasa inaikuta nguzo kwenye sentimita 65. Halafu inua kitako cha zege chini ya nguzo hadi sentimita 70. Mwanzi wote uko mkavu. Ukichora hivi kabla ya kuchimba msingi, utaona kwamba upenu na kitako ni kitu kimoja: kila unachopunguza kwenye kimoja lazima ukilipe kwenye kingine.

Upande upi unaopigwa, usidhani tu kwa kuwa ziwa liko pale. Muulize mwenyeji au mvuvi wa mwalo huo, kisha tazama ukuta upi wa nyumba jirani una ukoga. Katika banda letu tuseme ni upande wa ziwa, na nyuma kuna jabali linalokinga. Huko nyuma upenu wa mita moja na kitako cha sentimita 45 vinatosha. Kimo hicho cha 45 si cha mapambo: maji ya mvua yakipiga ardhi hurukia juu, na pamoja na matope yanafika sentimita 30 bila shida.

Kuna maji mengine ya kuhesabu, yale ya ziwa lenyewe. Mwaka 2020 kina kilipanda kuliko ilivyokuwa imewahi kupimwa kabla ya hapo, na fukwe nyingi pamoja na mabanda yake zikafunikwa. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Anayekuambia banda la mianzi si la kudumu, mwulize kwa nini anataka msingi wa zege.

Tushuke mguuni, mahali nguzo inapokutana na kitako, kwa sababu hapo maadui wote watatu wanakutana. Nguzo yetu ni mianzi miwili iliyosimama bega kwa bega. Sababu ya kuwa miwili nitaieleza mwishoni. Njia iliyozoeleka ni kuacha nondo ichomoze kwenye zege, kuuvika mwanzi juu yake na kujaza pingili ya chini kwa chokaa ya simenti. Inashika vizuri, na wajenzi wa Kolombia wanaitumia sana kwenye viungo. Kwa nguzo ya nje iliyo karibu na ziwa siipendi. Chokaa mbichi huulowesha mwanzi, unavimba, kisha unakauka na kusinyaa, na kati ya chokaa na nyama unabaki ufa mwembamba unaovuta maji na usioweza kuyatoa. Nguzo inaoza kutoka ndani ilhali nje inang'aa.

Badala yake tunachomelea kiatu cha chuma. Pleti ya unene wa milimita 6, sentimita 12 kwa 26, juu yake vipande viwili vya bomba la inchi moja na nusu, kila kimoja kimo cha sentimita 30, vitakavyoingia ndani ya mianzi. Chini ya pleti miguu minne ya nondo ya milimita 12 inayozama kwenye zege, na hapa ndipo siri ilipo: pleti isilale juu ya zege. Ibaki imeinuka sentimita 3 juu ya hiyo miguu. Toboa tundu la milimita 10 kwenye pleti, katikati ya kila bomba, na katika kila bomba toboa jingine chini kabisa kwenye usawa wa pleti, ili maji yatakayoingia kwa bahati mbaya yatoke hata yakiwa nje ya bomba. Kichwa cha kitako kisiwe bapa. Kipe mteremko wa kutoa maji pande zote. Chuma kipakwe rangi ya kuzuia kutu kabla ya kufungwa, hasa penye mchomeleo.

Mwanzi ukatwe sentimita 4 hivi chini ya kifundo, ncha iwe sawa ili ikae juu ya pleti yote. Uzito wa paa unashuka kupitia ncha hiyo, bolti hazibebi uzito. Kazi ya bolti ni kuzuia paa lisipae. Weka bolti mbili za milimita 10 kwa kila mwanzi, ya kwanza sentimita 15 kutoka ncha na ya pili sentimita 25, zote juu ya kifundo cha mwisho. Ukiiweka sentimita 5 kutoka ncha, siku upepo ukivuta, bolti itauchana mwanzi kwenda chini kama anayefungua zipu. Matundu yatobolewe kwa keekee yenye makali, kamwe usipige msumari. Kaza mpaka washa iguse, kisha robo mzunguko, basi. Ukiendelea kukaza, mwanzi unalia, na mlio huo ni ufa.

Kama mtu anaona nimetia chumvi kwenye habari ya kupaa, tuhesabu. Paa letu lina mita 8 kwa 6.5, yaani mita za mraba 52. Upepo wa mita 30 kwa sekunde una shinikizo la karibu kilo 56 kwa kila mita ya mraba. Banda wazi upepo unaingia chini na kusukuma juu, kwa hiyo chukulia nguvu yote hiyo inainua: karibu kilo 2,900. Bati, papi na mianzi ya juu kwa pamoja vina kilo 600 hivi. Zinabaki kilo 2,300 zinazotaka kuondoka, na nguzo ya katikati upande wa ziwa, yenye upenu mrefu, inavutwa kwa karibu kilo 470. Msingi wake uwe wa zege la sentimita 60 kwa 60, unene 40, na kitako cha 30 kwa 30 chenye urefu wa sentimita 90, ishirini zikiwa ardhini. Hapo una zege la kilo 540 hivi, na linatosha bila kuhesabu udongo ulio juu yake. Ni hesabu ya kukadiria. Jengo kubwa kuliko hili lipelekeni kwa mhandisi, na kiwango cha kimataifa cha mianzi, ISO 22156 cha mwaka 2021, chenyewe hakivuki ghorofa mbili na kimo cha mita 7.

Ile nafasi ya sentimita 3 chini ya pleti ndiyo inayofunga pia mlango wa tatu. Mchwa haogopi zege. Hujenga njia yake ya udongo juu yake na kupanda. Lakini kwenye kitako chenye uso wazi wa sentimita 45 au 70 njia hiyo inaonekana na kila mtu, na ikifika juu lazima ipite kwenye vijiti vinne vya nondo penye mwanga na upepo. Dawa peke yake haikupi nafasi ya kumwona. Mfanyakazi anayefagia apewe kazi ya kuzunguka nguzo sita kila mwisho wa mwezi, akiona mstari wa udongo aukwangue na aseme. Kwa hiyo msipande maua kuzunguka kitako, msiegemeze kuni, na msikizungushie lipu ya mapambo hadi kwenye mwanzi. Daraja hizo mchwa hakuomba, mmempa.

Juu, mambo ni machache. Makombamoyo yaishie sentimita 10 ndani ya ukingo wa bati, yasitokeze nje kwa urembo, maana ncha iliyotokeza ni bomba la kunywea mvua. Ncha zote za juu zikatwe karibu na kifundo au zizibwe kwa kipande cha mbao kilichotiwa dawa. Bati lipigiliwe kwenye papi za mbao, sio kwenye mwanzi: msumari wa bati hupasua, na kila alfajiri chini ya bati kuna jasho linalodondoka, ambalo halipaswi kukutana na mwanzi.

Sasa umaliziaji, ambao wateja huuliza kwanza. Vanishi juu ya ganda zima hubanduka kama ngozi ya nyoka ndani ya mwaka, kwa sababu ya ile nta. Ukitaka ishike, kwangua ganda kwa msasa namba 120 kisha 180 mpaka mng'ao uishe, futa vumbi, ndipo upake tabaka mbili nyembamba. Ila ukishakwangua umekubali kupaka tena, kwa sababu jua litaila. Mahali pa kivuli ni afadhali kuosha tu na kupaka mafuta ya kitani.

Dari ya mianzi iliyopasuliwa ndiyo inayoliwa mapema kuliko kitu kingine katika jengo, na sababu yake ni moja: ukipasua mwanzi umefungua upande wa ndani, wenye nyama laini na wanga mwingi. Pasua baada ya kutia dawa na kukausha, fito za sentimita 3, kisha parua upande wa ndani kwa panga kali mpaka ile nyama laini iondoke. Zipige kwa nafasi ya milimita 4 kati yake ili hewa ipite, na ziishie sentimita chache kabla ya ukuta wa lipu. Lipu mbichi ikigusa fito huzilowesha, zinavimba, na lipu inapasuka mstari mzima. Ukutani utaratibu ni huohuo: fito zianze sentimita 20 juu ya sakafu, maana sakafu ya mgahawa inadekiwa kila siku.

Nimeahidi kueleza kwa nini mianzi miwili kwa nguzo. Hata ukifanya haya yote, mwanzi mmoja kati ya mingi utakuwa ulikatwa mchanga au haukufika birikani vizuri. Utaujua kwa unga chini yake, au kwa bisibisi inayozama kwenye nyama karibu na pleti. Basi weka jeki na gogo chini ya boriti, inua milimita mbili tu, fungua bolti za mwanzi ule mgonjwa juu na chini. Mwenzake unaendelea kubeba. Inua boriti milimita chache zaidi kama bomba linakataa kutoka, au ukate mwanzi mgonjwa vipande viwili uutoe. Mpya utauingiza kwa kuukata mkato mmoja wenye upana wa bomba, upande wa ndani, sentimita 32 kutoka chini, ili ukae juu ya bomba kwa kusukumwa pembeni, kisha ufungwe mikanda miwili ya chuma kuzunguka mkato kabla ya kutoboa bolti. Mafundi wawili wanaimaliza kabla ya wateja wa mchana kufika. Kwa hiyo mnapojenga kateni mianzi sita ya ziada, itieni dawa pamoja na mingine, na muihifadhi wima stoo.

Asanteni. Kipande cha kiatu na vipande vilivyopimwa kwa manjano viko mezani, na kabla ya maswali naomba mvipitishe mkononi.